Laptopu Kuukuu: Tumia Pesa kwenye Diski na Betri, Prosesa Iache

Tangu Oktoba 14, 2025, siku Microsoft ilipofikisha mwisho huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, laptopu nyingi zisizo na kasoro yoyote zimejikuta kwenye kundi la vikuukuu. Windows 11 haizipokei, maana inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au cha baadaye pamoja na kifaa cha usalama cha TPM 2.0, ilhali mashine zilizouzwa kama "used" madukani Kariakoo na Nairobi kwa miaka mingi ni za vizazi vya nyuma ya hapo. Mwenye nayo huona njia tatu: aiuze kwa bei ya kutupa, aendelee nayo bila ulinzi, au aiweke juu ya kabati. Ninayoitetea hapa ni ya nne, kuifanya seva ya nyumba: mashine inayokaa kona moja, inatunza picha, masomo na filamu za familia, na kuzigawa kwa simu na televisheni kwa waifai bila kugusa bando. Wengi wanaoijaribu kazi hii huanza kwa kuuliza kama prosesa itaiweza. Swali hilo halina uzito. Seva ya nyumbani huangushwa na diski au na umeme, kwa hiyo umakini wako na pesa zako kidogo zielekee huko.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha kwa nini. Filamu ya ubora wa 1080p iliyobanwa kwa H.264 kwa kawaida huhitaji kati ya megabiti 5 na 8 kwa sekunde ili ichezeke bila kukwama. Watu wanne wakitazama filamu nne tofauti kwa wakati mmoja, mahitaji yote ni megabiti 32, yaani megabaiti 4 kwa sekunde. Diski ngumu ya kawaida ya laptopu, ile inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, husoma megabaiti 60 au zaidi kwa sekunde inaposoma faili moja kwa mfululizo. Hata diski ya nje iliyochomekwa kwenye tundu la zamani la USB 2.0 hutoa karibu megabaiti 30. Kazi ya prosesa hapo ni kuchukua vipande vya faili upande mmoja na kuvisukuma upande wa pili, na prosesa ya mwaka 2011 huifanya ikiwa imekaa bure kwa sehemu kubwa ya muda.

Mambo hubadilika ukiiagiza mashine igeuze filamu kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine wakati mtu anatazama. Programu kama Jellyfin huonekana nzuri kwa mabango yake na maelezo ya filamu, lakini ikikuta faili la H.265 ambalo kifaa cha mtazamaji hakilielewi, huanza kulitafsiri papo hapo. Prosesa za Intel zilianza kuwa na sehemu maalumu ya kusoma H.265 kwenye kizazi cha 6, na ile ya rangi za biti 10 kwenye kizazi cha 7. Za nyuma yake hufanya kazi hiyo kwa nguvu tupu: feni inavuma, mashine inachemka, na picha bado inakatika. Dawa ni kuacha kifaa cha mtazamaji kifanye kazi hiyo chenyewe. Programu ya VLC kwenye simu hufungua faili moja kwa moja kutoka kwenye folda ya seva, na simu nyingi za miaka ya karibuni husoma H.265 bila jasho. Televisheni janja nazo hulikuta ghala lenyewe kwenye orodha ya vyanzo vyake ukiweka programu ndogo ya minidlna. Faili ambalo televisheni imelikataa, ligeuze mara moja usiku kwa kompyuta yenye nguvu zaidi, kisha ulirudishe likiwa tayari.

Tuchukue mashine moja ijulikane tunazungumzia nini: ThinkPad X220 ya mwaka 2011, yenye Core i5 ya kizazi cha 2, RAM ya gigabaiti 4 na diski ya gigabaiti 320. Ina tundu la waya wa mtandao la gigabiti 1, na betri yake hutoka nyuma kwa kusukuma vifungo viwili, jambo tutakalolirudia. Mfumo unaoifaa ni Debian bila mazingira ya madirisha. Wakati wa kusakinisha, ukifika kwenye orodha ya vifurushi, ondoa alama zote isipokuwa "SSH server" na "standard system utilities". Mashine ikiwaka na kutulia hutumia RAM ya megabaiti mia chache tu, na hutaihitaji skrini yake tena, kwa kuwa utaiendesha kutoka kompyuta nyingine kwa ssh. Sharti moja: prosesa iwe ya biti 64. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine za biti 32. Ukifunga kifuniko mashine italala, kwa hiyo ikataze. Fungua faili la `/etc/systemd/logind.conf`, weka mstari huu, kisha uwashe upya:

```
HandleLidSwitch=ignore
```

Mashine nyingine hutoa joto kupitia kibodi, na zikifungwa kabisa huchemka. Kama feni haitulii hata wakati hakuna anayetazama kitu, acha kifuniko wazi kidogo, au mpe fundi aisafishe na kubadilisha ile pesti ya juu ya prosesa, ambayo baada ya miaka kumi huwa imekauka kama udongo.

Sasa umeme, ambako laptopu ina hoja nzito kuliko washindani wake. Kompyuta ya mezani au bodi ndogo kama Raspberry Pi huzimika umeme unapokatika, na kuzimika katikati ya kuandika ndiko kunakoharibu mafaili. Laptopu ina betri ndani yake. Betri iliyotoka kiwandani na wati-saa 60 ikabakiwa na nusu, bado ina 30. Mashine ya aina hii skrini ikiwa imezimwa na hakuna kazi kubwa hula kama wati 12, kwa hiyo ni saa mbili na nusu, muda wa kutosha kwa makato mengi ya jioni. Ili ujue yako imebaki na kiasi gani, sakinisha upower na uandike `upower -i $(upower -e | grep BAT)`, kisha linganisha mstari wa `energy-full` na ule wa `energy-full-design`. Ikiwa imebaki kidogo sana, ichukulie kuwa ni ya dakika kadhaa za kuzima kwa heshima, basi.

Mtu atasema, na ana haki, kwamba betri kuukuu iliyochomekwa chaja usiku na mchana ni hatari. Betri za lithiamu huchakaa haraka zikikaa zimejaa kabisa kwenye joto, na zikichakaa vibaya huvimba. Dalili huonekana kabla ya maafa: kifuniko cha chini kinaachia mwanya, padi ya kugusa inapanda na haibonyezeki, laptopu iliyokuwa ikikaa sawa juu ya meza inayumba. Ukiona moja ya hayo, zima, toa betri, usiitoboe wala kuibana irudi bapa, na usiichaji tena. Kwa X220 seva itaendelea bila betri. Utakuwa umepoteza kinga ya umeme, ila mashine ipo. Kwa betri nzima, kinga ni kuizuia isijae. ThinkPad za umri huu na za baadaye hukubali mipaka ya kuchaji kupitia programu ya TLP, kwa mistari miwili kwenye `/etc/tlp.conf`:

```
START_CHARGE_THRESH_BAT0=60
STOP_CHARGE_THRESH_BAT0=80
```

Andika `tlp start`, na betri itasimama kwenye asilimia 80. Unapoteza nusu saa ya akiba, unapata betri ya kuishi muda mrefu zaidi. Si kila chapa inakubali jambo hili. Kwa nyingine mpaka huwekwa kwenye BIOS, na nyingine hazina kabisa. Isiyo na mpaka, na ambayo betri yake imefungwa ndani, iwekwe juu ya sakafu au rafu ya chuma, mbali na pazia na godoro, na iwe inapitiwa kwa macho kila wiki.

Pingamizi la pili ni bili. Wati 12 kwa saa 24 kwa siku 30 ni yuniti 8.6. Kwa anayenunua yuniti kwa takriban shilingi 350 za Tanzania, hiyo ni kama shilingi 3,000 kwa mwezi. Ni kidogo, lakini isidharauliwe na mteja wa TANESCO aliye kundi la D1, la wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi: kwake yuniti nane zinaweza kuwa ndizo zinazomvusha mpaka na kumpandisha bei. Mtu huyo aizime seva usiku. Hakuna amri inayosema seva ya nyumbani lazima iwake saa 24, na diski nayo itamshukuru.

Na diski ndiyo moyo wa jambo lote. Kabla hujasakinisha chochote cha maana, ipime. Sakinisha smartmontools na uandike `smartctl -a /dev/sda`. Kutakuwa na jedwali refu. Wewe angalia mistari miwili, `Reallocated_Sector_Ct` na `Current_Pending_Sector`, na usome namba ya mwisho kabisa upande wa kulia. Zote zikiwa sifuri, endelea. Ya kwanza ikionyesha namba ndogo ambayo haiongezeki wiki hadi wiki, diski hiyo ibebe vitu unavyoweza kuvipata tena, kama filamu na masomo. Ya pili ikiwa juu ya sifuri, kuna sehemu diski imeshindwa kuzisoma, na hapo usiiwekee picha hata moja ya familia. Dalili za nje nazo zipo: filamu inayokwama dakika ileile kila inapochezwa, sauti ya kugonga-gonga, au mistari ya `I/O error` unapoandika `dmesg`. Kama una pesa ya kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya mradi huu, iwe diski. Usiongeze RAM, gigabaiti 4 zinakutosha na kubaki.

Wengi huamua kuacha diski ya ndani ibebe mfumo na kuchomeka diski kubwa ya nje kwa ajili ya mafaili. Ni uamuzi mzuri wenye mitego miwili. Wa kwanza ni nguvu: tundu la USB 2.0 limepangiwa miliamperi 500, na diski nyingine za nje huhitaji zaidi wakati wa kuanza kuzunguka. Utasikia mlio mdogo, itaonekana, itapotea, itaonekana tena. Waya wenye vichwa viwili vya USB, au diski yenye chaja yake, hutatua. Mtego wa pili ni wa kimyakimya, na ndio uliowatia watu hofu ya bure. Diski ya nje huunganishwa kwenye folda, tuseme `/data`, kwa mstari wa namna hii kwenye `/etc/fstab`:

```
UUID=namba-ya-diski  /data  ext4  defaults,nofail  0  2
```

Neno `nofail` huiruhusu mashine kuwaka hata kama diski haipo. Lakini siku ambayo waya umelegea, folda ya `/data` bado ipo, tupu, ndani ya diski ndogo ya mfumo. Anayeifungua kwenye simu anadhani kila kitu kimefutika. Anayenakili picha siku hiyo anaziandika mahali pasipo pake, zinajaza diski ya mfumo, na diski ya nje ikirudi zinafunikwa zisionekane. Kinga yake ni amri moja, inayotolewa kabla diski haijaunganishwa: `chattr +i /data`. Folda tupu inakuwa haiandikiki. Diski ikiwepo, mambo yanaenda kama kawaida. Baada ya hapo mwenye kunakili atapata kosa waziwazi badala ya hasara iliyojificha.

Kugawa folda ni kazi ya Samba, na jambo la kuamua ni nani anasoma na nani anaandika. Nyumba yenye watoto isiwe na folda ambayo kidole cha mtoto kinaweza kuifuta. Mipangilio hii kwenye `/etc/samba/smb.conf` inatosha:

```
[familia]
   path = /data/familia
   valid users = nyumbani, mlezi
   read only = yes
   write list = mlezi
```

Watumiaji hao wawili huundwa kwa `adduser`, kisha kila mmoja hupewa neno la siri kwa `smbpasswd -a`, na folda iwe mali ya mlezi. Simu za watoto na televisheni zinaingia kwa jina la nyumbani, zinatazama, hazifuti. Usifungue mlango wowote wa ruta ili folda hii ifikiwe kutoka nje kupitia intaneti. Faida yake ni ndogo kwa familia, na wanaopita mtandaoni kutafuta milango ya aina hiyo hawalali.

Upande wa masomo ndiko naona mashine hii inalipa zaidi, kwa kuwa gharama kubwa ya kujifunza nyumbani ni bando. Kiwix huhifadhi tovuti nzima ndani ya faili moja lenye kiambishi cha `.zim`. Wikipedia ya Kiingereza pamoja na picha zake inazidi gigabaiti 100. Ile ya Kiswahili ni sehemu ndogo tu ya hiyo. Debian ina kifurushi cha kiwix-tools, na amri ya kuanzisha ni fupi:

```
kiwix-serve --port=8081 /data/zim/*.zim
```

Kuanzia hapo simu yoyote ya nyumbani ikifungua anwani ya seva ikifuatiwa na `:8081` kwenye kivinjari inapata ensaiklopidia. Kolibri, ya shirika la Learning Equality, imepangwa kama darasa: ina video na mazoezi, inakumbuka mwanafunzi alipofika, na miongoni mwa maudhui yake kuna masomo ya Khan Academy kwa Kiswahili na vipindi vya Ubongo Kids kutoka Tanzania. Yenyewe hutumia mlango wa 8080, ndiyo sababu Kiwix tumeipa 8081. Pakua maudhui kidogo kidogo, darasa la mtoto kwanza, mahali penye intaneti isiyohesabiwa. Au nakili kutoka kwa aliye nayo, kwa maana Kolibri hupokea maudhui kutoka kwenye diski. Faili la zim linalozidi gigabaiti 4 halitaingia kwenye flashi yenye mfumo wa FAT32. Watu hulaumu flashi. Kosa ni mfumo wake, ubadilishe kuwa exFAT.

Hapa kuna pingamizi la wenye busara: kwa nini usinunue tu kadi ya kumbukumbu kwa kila simu? Kwa mtu mmoja, jibu ni kwamba nunua kadi. Laptopu huanza kushinda pale vifaa vinapokuwa vitatu au vinne, filamu ileile inaponakiliwa mara nne, na picha za miaka mitano zinapokuwa kwenye simu moja inayoweza kuibiwa daladalani. Wengine watauliza kuhusu kuhifadhi mtandaoni. Kwa picha za thamani, fanya hivyo pia kama bando linaruhusu. Seva yako ni nakala moja, na iko nyumba moja na simu unayoilinda. Moto au mwizi hachagui. Kwa hiyo picha isifutwe kwenye simu kwa sababu tu imefika kwenye seva. Ifutwe ikishakuwa na nakala ya pili mahali pengine, hata kama ni diski kwa dada yako mtaa wa pili.

Yakikwama, mara nyingi ni mtandao. Ruta haihitaji bando ili vifaa vya nyumbani vionane. Waifai inaendelea kufanya kazi ndani hata salio likiwa sifuri, ingawa simu italalamika kwamba hakuna intaneti na pengine kuhamia data yake yenyewe. Izimie data wakati wa kutazama. Kama jana folda ilifunguka na leo haionekani, ruta imeipa seva anwani nyingine. Ingia kwenye mipangilio ya ruta uifungie anwani moja ya kudumu. Na kama simu na laptopu zote zina intaneti lakini hazionani kabisa, tafuta kwenye ruta au MiFi kipengele cha "AP isolation" na ukizime, kwani kazi yake ni kuvizuia vifaa visizungumze. Umeme ukikatika, kumbuka kwamba betri ya laptopu haisaidii kitu kama ruta imezimika. MiFi ina betri yake. Ruta ya wati chache huhitaji kijibetri chake cha akiba.

Kuna mashine zisizofaa, na ni heri kuzijua mapema. Ya biti 32 iachie fundi wa vipuri. Inayokula wati 40 ikiwa imetulia, hasa zile kubwa za michezo, itakula bili yako. Na iliyovimba betri isiyotoka isiingie ndani. Nyingine zote, anza leo kwa `smartctl`, kabla ya kupakua chochote. Namba zikikuambia diski imechoka, nunua diski kwanza, ndipo usakinishe.